Integrali ya ln x kutoka 0 hadi 1: njia tatu, na ipi uichague lini

Jibu ni −1, na hakuna anayebishana nalo. Kinachobishaniwa ni namna ya kulifikia, kwa sababu mwanafunzi anaweza kuandika −1 kwenye mstari wa mwisho na bado akakosa alama karibu zote. Integrali hii si ya kawaida: x inapoikaribia 0 kutoka kulia, ln x huporomoka chini bila kikomo, na kwenye 0 yenyewe haipo kabisa. Kwa hiyo alama ya integrali yenye 0 chini na 1 juu ni kifupisho tu. Maana yake halisi ni hii: chukua namba ndogo a iliyo kubwa kuliko 0, tafuta integrali kutoka a hadi 1, kisha tazama jibu linakwenda wapi a inapoielekea 0.

Njia zinazotumika sana ni tatu: kuintegreti kwa sehemu, kubadilisha x kwa kipeo cha e, na kuugeuza mchoro ulale ubavu. Zote hufika −1. Zinachotofautiana ni mahali zinapokudai uthibitisho, na jinsi zinavyoharibika mkono ukiteleza.

Njia ya sehemu, kikomo kikisubiri mwishoni

Kanuni inajulikana: integrali ya u dv ni uv kutoa integrali ya v du. Hapa hakuna cha kuchagua sana kuhusu u. Ukiiweka ln x upande wa dv, utatakiwa kuwa tayari unajua integrali yake, na hiyo ndiyo unayoitafuta. Basi u = ln x na dv = dx, hivyo du = dx/x na v = x.

```
∫[a,1] ln x dx = [x ln x] kutoka a hadi 1 − ∫[a,1] x·(1/x) dx
               = (0 − a ln a) − (1 − a)
               = −1 + a − a ln a
```

Uzuri wa njia hii uko katika mstari wa kati. Ile x ya v inakutana na 1/x ya du na zinafutana, kinachobaki cha kuintegreti ni 1. Logi imetoweka ndani ya integrali na kubaki pembezoni tu, kwenye a ln a.

Mstari wa mwisho ni sahihi kabisa kwa kila a kati ya 0 na 1. Hakuna makadirio ndani yake, na ndiyo maana unaweza kuujaribu kwa namba kabla hujagusa kikomo:

| a | −1 + a − a ln a |
|---|---|
| 0.1 | −0.6697 |
| 0.01 | −0.9439 |
| 0.001 | −0.9921 |
| 0.0001 | −0.9990 |

Tazama a = 0.01. Pengo hadi −1 ni takriban 0.056, na katika hilo a yenyewe imechangia 0.01 tu. Zilizobaki, 0.046, ni za a ln a. Kwa hiyo kinachochelewesha jibu ni a ln a, na hicho ndicho kinachohitaji hoja. Kusema "a ni ndogo, basi inakwenda 0" hakutoshi, kwa sababu a inapungua huku ln a ikikua kwa ukubwa upande wa hasi. Ni kuvutana, na msomaji wako anataka kujua nani anashinda na kwa nini.

Kikomo mapema au mwishoni?

Watu wengi huandika moja kwa moja [x ln x − x] kutoka 0 hadi 1, wanaweka 0, wanapata 0·ln 0, wanaiita 0 na kusonga mbele. Jibu linatoka −1, kwa hiyo hawaoni walichokosea. Kuna jaribio dogo linalofichua hatari ya tabia hiyo.

Tuliposema v = x, tulichagua. Funksheni yoyote ambayo ukiidiferenshieti inakupa 1 ingefaa, ikiwemo v = x − 1. Tena x − 1 inaonekana ya busara zaidi, maana inatoa sifuri kwenye 1. Sasa kokotoa:

```
[(x − 1) ln x] kutoka a hadi 1 = −(a − 1) ln a = (1 − a) ln a
∫[a,1] (x − 1)/x dx            = (1 − a) + ln a
```

Ukipeleka a kwenye 0 katika kila mstari peke yake, wa kwanza unakwenda infiniti hasi, na wa pili nao unakwenda infiniti hasi. Unatakiwa kutoa wa pili kutoka wa kwanza, yaani infiniti hasi ukiitoa infiniti hasi nyingine, na hapo hakuna awezaye kukuambia jibu. Wapo wanaoamua kwamba ni 0. Wengine hudai integrali haina jibu. Wote wamekosea.

Lakini usipoharakisha, ukatoa kwanza huku a bado ni namba, unapata (1 − a) ln a − (1 − a) − ln a. Ile ln a nzima ya kwanza inafutana na ya mwisho, na kinachobaki ni −a ln a − 1 + a, mstari uleule wa mwanzo. Hivyo ndivyo itakavyokuwa kwa v = x + c yoyote: c inaingia mara mbili kwa alama zinazopingana na kutoweka, mradi tu kikomo bado hakijachukuliwa.

Kati ya kuweka kikomo mapema na kukiweka mwishoni, basi, chaguo si la mtindo wa uandishi. Kwa v = x kuharakisha kunasameheka kwa bahati tu, kwa sababu kila kipande kina kikomo chake. Kwa v = x − 1 kunaua hesabu. Mimi humshauri mtu atumie v = x, aandike a hadi mstari wa mwisho, na aandike neno "kikomo" mara moja tu.

Kuthibitisha kwamba a ln a inakwenda 0

Hapa pia kuna njia zaidi ya moja, na hazilingani kwa ubora.

Ya kwanza, inayopendwa kuliko zote, ni kanuni ya L'Hôpital. Inahitaji kiasi na asili, kwa hiyo lazima uigeuze a ln a iwe mgawanyo. Ukiandika ln a juu na 1/a chini, vyote vinakwenda infiniti kwa ukubwa. Ukidiferenshieti juu unapata 1/a, chini unapata −1/a², na mgawanyo wake ni −a. Hiyo inakwenda 0, kazi imekwisha.

Geuza kinyume sasa: a juu, na 1/ln a chini. Vyote vinakwenda 0, kanuni bado inaruhusiwa. Ukidiferenshieti juu unapata 1, chini unapata −1/(a (ln a)²), na mgawanyo ni −a (ln a)². Umeanza na a ln a, umeishia na kitu kibaya zaidi. Ukirudia, kipeo cha logi kitapanda hadi 3, na kadhalika. Hii ndiyo dalili ya kuitambua: ukiona kipeo cha logi kinaongezeka badala ya kupungua, umeiweka logi upande usiofaa. Irudishe juu.

Ya pili haihitaji kanuni yoyote kubwa. Inajulikana kwamba ln s ni ndogo kuliko s kwa kila s iliyo zaidi ya 0. Weka s = 1/√a. Upande wa kushoto unakuwa −½ ln a, wa kulia 1/√a. Zidisha pande zote kwa 2a:

```
0 < −a ln a < 2√a     (kwa 0 < a < 1)
```

Upande wa kulia unakwenda 0, na a ln a imebanwa katikati haina pa kukimbilia. Kwa a = 0.01 mpaka huu unasema 0.2, ilhali thamani ya kweli ni 0.046. Ni mpaka mlegevu, lakini hakuna aliyekudai ukali. Faida yake ni kwamba kila hatua inaonekana, na huwezi kuitumia kinyume kwa bahati mbaya. Kwa mtu anayejiandaa kwa somo la uchambuzi, ambako L'Hôpital mara nyingi hutazamwa kwa jicho la shaka, hii ndiyo ya kushika. Kwa mtihani wa kawaida wa kalkulasi L'Hôpital inatosha, ila uandike wazi kwamba kiasi na asili vyote vinakwenda infiniti, maana hilo ndilo sharti linalosahaulika.

Kubadilisha x kwa kipeo cha e

Weka x = e^(−t). Basi ln x = −t, dx = −e^(−t) dt, na x inaposhuka kutoka 1 hadi a, t inapanda kutoka 0 hadi T, ambapo T = −ln a. Shimo lililokuwa kwenye 0 sasa limehamishiwa mbali, mwisho wa mhimili:

```
∫[a,1] ln x dx = −∫[0,T] t e^(−t) dt
               = T e^(−T) + e^(−T) − 1
```

Mstari wa pili umepatikana kwa kuintegreti kwa sehemu, kwa hiyo usidhani umeikwepa. Mara hii u = t na dv = e^(−t) dt. Na ukirudisha T = −ln a, utaona T e^(−T) ni −a ln a ileile katika vazi jingine. Hata hivyo vazi hilo lina faida. Kuamini kwamba t e^(−t) inakwenda 0 ni rahisi kuliko kuamini kwamba a ln a inakwenda 0, kwa sababu e^t ni kubwa kuliko t²/2 kwa t chanya, na hivyo t e^(−t) ni ndogo kuliko 2/t.

Gharama yake ni alama. Kuna kutoa kwenye −t, kuna kutoa kwenye dx, na kuna mipaka inayogeuka juu chini. Alama tatu za kutoa katika mstari mmoja, na ukipoteza moja unapata +1. Kinga yake ni ya haraka: ln x ni hasi kila mahali kati ya 0 na 1, kwa hiyo jibu lolote chanya ni batili hata kabla ya kulichunguza.

Kwa ln x peke yake njia hii ni ndefu kuliko inavyostahili. Inalipa pale logi ikiwa na kipeo. Ukidaiwa integrali ya (ln x)^n kutoka 0 hadi 1, njia ya sehemu inakushusha ngazi moja moja: kila hatua inakupa −n mara integrali ya kipeo kilichopungua kwa 1, na kila hatua ina kikomo chake cha kuthibitisha, a (ln a)^n. Kwa kubadilisha, unapata mara moja (−1)^n mara integrali ya t^n e^(−t) kutoka 0 hadi infiniti, ambayo ni n! (n faktoria). Kwa n = 2 jibu ni 2, kwa n = 3 ni −6. Anayekutana na vipeo hivi mara kwa mara hana sababu ya kung'ang'ania ngazi.

Kuulaza mchoro ubavu

Njia ya tatu ndiyo fupi kuliko zote. Eneo lililo kati ya mkunjo wa ln x, mhimili wa x na mhimili wa y liko chini ya mhimili wa x, linashuka bila mwisho upande wa kushoto. Badala ya kulikata kwa vipande vya wima, likate kwa vipande vya mlalo. Katika kimo y kilicho chini ya 0, kipande kinaanzia x = 0 na kuishia kwenye mkunjo, yaani x = e^y. Urefu wake ni e^y. Jumlisha kutoka infiniti hasi hadi 0 na unapata 1. Eneo liko chini ya mhimili, kwa hiyo integrali ni −1.

Hakuna a ln a popote! Imekwenda wapi?

Chukua a = 0.1 uone. Ukikata kwa wima kwenye x = 0.1, unalitupa lile eneo jembamba la kushoto lote. Sehemu yake ya juu ni mstatili wenye upana 0.1 na kimo 2.3026, kwa kuwa ln 0.1 ni −2.3026, eneo lake ni 0.2303. Chini ya mstatili kuna mkia unaoendelea kushuka, na eneo lake ni e^(ln 0.1), yaani 0.1. Jumla iliyotupwa ni 0.3303, na ndiyo maana jedwali la juu lilionyesha −0.6697. Ukikata kwa mlalo kwenye y = −2.3026 unatupa mkia peke yake, 0.1. Kwa maneno mengine, a ln a ndio ule mstatili. Njia ya ubavu haiuoni kwa sababu kisu chake hakipiti hapo.

Hapo ndipo penye deni lake. Tafsiri ya integrali inataka ukate kwa wima, nawe umekata kwa mlalo. Unahitaji kusema kwa nini njia mbili za kukata eneo lisilo na mwisho zinatoa jumla moja. Kwa funksheni isiyobadilisha alama, kama hii, jambo hilo ni kweli na lina nadharia yake (ya Tonelli). Ila aliyeuliza swali ili kuona kama unaelewa kikomo atakudai hatua hiyo, na ukijaribu kuilipa kwa kukata wima kwenye a kisha kulaza kilichobaki, vipande vyako vitakuwa na urefu e^y − a, integrali yake kutoka ln a hadi 0 ni 1 − a + a ln a, na mgeni wetu amerudi.

Basi uchague ipi

Swali likisema "onyesha kwamba integrali ina jibu, kisha litafute", tumia njia ya sehemu, v = x, kikomo mwishoni, na uthibitisho wa a ln a ukiandikwa kando kwa mistari miwili. Ndiyo pekee inayojibu sehemu zote mbili za swali kwa pumzi moja. Njia ya ubavu iweke kwa ajili ya kujihakiki, inachukua nusu dakika. Kubadilisha x kuache hadi uone kipeo juu ya logi.

Kompyuta nayo? Ukigawa kipande cha 0 hadi 1 katika sehemu n na kuchukua urefu wa mkunjo kwenye ncha ya kulia ya kila sehemu, unapata −0.792 kwa n = 10, −0.968 kwa n = 100 na −0.996 kwa n = 1000. Inafika, kwa mwendo wa konokono, na haithibitishi chochote. Kanuni ya trapeza hata haianzi, kwa sababu inadai thamani ya ln 0.

Jambo moja zaidi linaamua kwa nini njia ya sehemu ndiyo ninayoitanguliza: inaonyesha mahali ambapo hesabu ingevunjika. Zidisha ln x kwa x^p. Kwa p = −½, v inakuwa 2√x, na mstari wa mwisho ni −2√a ln a − 4(1 − √a). Bado √a inaishinda logi, kwa hiyo jibu ni −4, ingawa polepole: kwa a = 0.0001 bado uko −3.776. Kwa ujumla, p ikiwa zaidi ya −1, kinachobaki pembezoni ni a^(p+1) ln a, kinakwenda 0, na jibu ni −1/(p + 1)². Ukifika p = −1 kipeo kilichokuwa kikiivuta logi chini kimekuwa 0. Njia ya sehemu kwa (ln x)/x inakupa integrali yenyewe upande wa pili, unazikusanya pamoja, na unabaki na −½ (ln a)². Hiyo kwa a = 0.0001 tayari ni −42.4, na inaendelea kushuka bila kusimama popote.